Kundi lililo wazi, kundi lililofungwa au mti wa simu: jinsi ya kuchagua njia ya kuonyana wakati wa dharura

Onyo linalotumwa usiku wa manane kwenye kundi la majirani hupotea kwa namna mbili. Ya kwanza inajulikana na kila aliyewahi kuwa kwenye kundi la WhatsApp: ujumbe unafunikwa na salamu, matangazo ya biashara, picha na maswali, hadi anayefungua simu nusu saa baadaye anakutana na mwisho wa mazungumzo bila kujua yalianza na nini. Ya pili hutokea kabla onyo lenyewe halijaandikwa. Mwanakundi aliyechoshwa na salamu hizo alilinyamazisha kundi wiki nyingi zilizopita, na simu yake haitalia hata kama onyo ndilo ujumbe pekee wa usiku huo. Kanuni za kutuma ujumbe zinahitajika hasa kwa sababu ya hii ya pili, kwa kuwa kila ujumbe usiohusika unaoingia mchana humsogeza mtu mmoja karibu zaidi na kitufe cha kunyamazisha.

Majirani wanaoanzisha utaratibu wa kuonyana huwa wanasita kati ya njia tatu. Njia ya kwanza ni kubaki na kundi moja ambalo kila mtu anaweza kuandika, lakini kwa kanuni kali. Njia ya pili ni kuwa na makundi mawili, moja la tahadhari ambalo wasimamizi pekee wanatuma, na lingine la mazungumzo. Njia ya tatu ni mti wa simu, ambapo kila mtu ana wachache anaopaswa kuwapigia, na kundi hubaki kuwa mahali pa taarifa za nyongeza tu. Zote tatu zina mahali zinapoziba, na ninavyoona mimi, kuchagua kati yake ni kuamua mnaweza kuvumilia kuzibiwa wapi.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni kasi, yaani muda unaopita tangu mtu wa kwanza aone hatari hadi yule aliye hatarini zaidi apate habari. Watu wengi hupima muda wa kutuma ujumbe, ambao ni sekunde chache kwa kila njia, wakasahau kupima muda wa kuupokea. Cha pili ni mlango: nani ana uwezo wa kuanzisha onyo, na itakuwaje ikiwa mtu huyo amelala au yuko safarini. Cha tatu ni kuamsha, kwa maana ya uwezo wa njia hiyo kumfikia mtu ambaye simu yake iko kimya, haina bando, au si simu janja. Cha nne ni uhakika, yaani namna njia hiyo inavyozuia uvumi na kusahihisha kosa. Cha tano ni uendeshaji, ambao ni kazi ya kila wiki na kila mwezi ya kuufanya utaratibu uendelee kuwa hai pale ambapo hakuna dharura yoyote.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue mfano mmoja na kuupitisha kwenye njia zote. Mtaa una kaya 120 kando ya mto, na 30 kati ya hizo ziko bondeni. Saa 8:40 usiku mlinzi wa usiku anaona maji yamepita ukingo karibu na daraja, na kwa jinsi yanavyopanda anakadiria kwamba yatafika kwenye nyumba za kwanza baada ya nusu saa hivi.

Kabla ya njia, ujumbe wenyewe

Njia yoyote itakayochaguliwa, onyo linapaswa kuandikwa kwa umbo moja linalojulikana na wote, kwa sababu anayesoma ni mtu aliyeamshwa usingizini na mistari miwili ya kwanza ndiyo inayoonekana kwenye kioo kabla hajafungua simu. Neno la daraja la onyo, yaani uzito wake, ndilo linalotangulia, kisha aina ya hatari, mahali, muda, hatua ya kuchukua, chanzo cha habari, na saa ya taarifa inayofuata. Kwa mfano wetu, ujumbe ungekuwa hivi:

"DHARURA: MAFURIKO. Maji yamepita ukingo karibu na daraja, saa 8:40 usiku. Walio bondeni waondoke sasa kwa barabara ya shule. Msipite darajani. Nimeona mwenyewe. Kikosi cha uokoaji kimepigiwa saa 8:41. Taarifa ijayo saa 9:00."

Madaraja mawili yanatosha. DHARURA maana yake ni kwamba msomaji anapaswa kufanya jambo sasa hivi. ANGALIZO maana yake ni kwamba kuna dalili, haijathibitishwa, na msomaji ajiandae. Nimeona makundi yenye madaraja matano na rangi zake, na kwa kawaida wanachama hawakumbuki rangi ya tatu inamaanisha nini. Neno DHARURA lisitumike kwa kitu kingine chochote, hata mbuzi aliyepotea, kwa maana likitumika mara tatu kwa mambo madogo halitamwinua mtu kitandani mara ya nne.

Sentensi inayotaja kwamba kikosi cha uokoaji kimepigiwa ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Bila hiyo, ama watu arobaini watapiga namba moja na kuijaza, ama kila mmoja atadhani mwenzake amepiga. Aliyeona ndiye anayepiga kwanza, halafu ndipo anaandika au kumwita anayeandika.

Ujumbe ukishatumwa usihaririwe. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15, lakini marekebisho hayapigi mlio mpya, kwa hiyo aliyekwisha kusoma "barabara ya shule" hatajua kwamba sasa imeandikwa "barabara ya kanisa". Vivyo hivyo kosa lisifutwe kimya kimya. Hutumwa ujumbe mpya unaoanza na neno SAHIHISHO, na mwisho wa tukio hutumwa ujumbe unaosema MWISHO WA DHARURA, ili aliyechelewa kuamka asikimbie hatari iliyopita saa tatu zilizopita.

Njia ya kwanza: kundi moja lililo wazi, lenye kanuni

Kasi. Hakuna njia inayoipita hii katika hatua ya kutuma. Mlinzi anaandika mwenyewe saa 8:41 na ujumbe unazifikia simu zote zilizo hewani ndani ya sekunde chache. Tatizo linaanza dakika mbili baadaye. Mtu mmoja anauliza "Daraja lipi?", mwingine anaandika "Mungu atusaidie", wa tatu anatuma picha ya mto aliyoipiga kwenye mvua zilizopita, na wengine ishirini wanaandika "Nimepokea". Kufikia saa 8:55, anayefungua kundi anakuta ujumbe arobaini na kitu chini ya onyo. Jambo la kusikitisha ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekosa adabu. Onyo mara nyingi hufukiwa na watu wanaolijibu kwa nia njema kuliko na wale wanaoleta matangazo ya biashara.

Dawa yake ni kanuni moja ambayo ni rahisi kuifundisha: onyo lisijibiwe kwa maneno. Anayetaka kuonyesha kwamba ameona anabonyeza ujumbe kwa muda na kuweka alama ya kidole gumba juu yake, kwa kuwa alama hiyo haiongezi ujumbe mpya kwenye kundi. Anayeongeza maneno awe na jambo jipya aliloliona kwa macho yake. Msimamizi naye anaubandika ujumbe wa onyo juu ya kundi, ambako unaweza kukaa kwa saa 24, siku 7 au siku 30, ukibonyezwa na yeyote atakayeingia baadaye.

Mlango. Huu ndio ubora mkuu wa kundi lililo wazi. Mtoto wa shule aliyeona moshi, mama anayetoka zamu ya usiku, mlinzi asiye na cheo chochote, wote wanaweza kuanzisha onyo bila kuomba ruhusa.

Kuamsha. Hapa njia hii ni dhaifu kuliko zote. Kundi lenye mazungumzo mengi ndilo linalonyamazishwa, na WhatsApp inatoa chaguo la kunyamazisha kwa saa 8, kwa wiki moja au daima. Waliochoka huchagua daima. Unaweza kuwaomba wanachama waweke mlio maalumu kwa kundi hili kwenye mipangilio ya taarifa, lakini mlio huo utapigwa na kila salamu ya asubuhi pia, na baada ya siku chache utaondolewa.

Uhakika. Kila mwenye mlango wazi huingiza na upepo. Kanuni ya lazima ni kwamba ujumbe wenye alama ya kusambazwa kutoka kwingine usiingizwe kama onyo. Anayetaka kuonya aandike kwa maneno yake na aseme ameona mwenyewe au ameambiwa na nani. WhatsApp yenyewe tangu mwaka 2020 inazuia ujumbe uliosambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya soga moja kwa wakati mmoja, lakini kizuizi hicho hakimzuii mtu kunakili maneno na kuyabandika upya yakionekana kana kwamba ni yake.

Uendeshaji. Msimamizi wa kundi lililo wazi anafanya kazi ya uaskari kila siku: kufuta, kukumbusha, kupatanisha. WhatsApp inampa uwezo wa kufuta ujumbe wa mtu yeyote kwenye kundi kwa wote, na autumie. Hata hivyo, kundi likishapita watu sitini au sabini, kazi hiyo humchosha mtu mmoja haraka sana, na kanuni hubaki kuwa maandishi kwenye maelezo ya kundi.

Njia hii inawafaa majirani wachache wanaojuana kwa sura, tuseme kaya ishirini hadi arobaini, ambao hawapigi soga nyingi na ambao kuaibika mbele ya mwenzao kunatosha kuwa adhabu.

Njia ya pili: kundi la tahadhari lililofungwa, na kundi la mazungumzo pembeni

Kasi. Katika mfano wetu, mlinzi si msimamizi. Anampigia msimamizi wa kwanza saa 8:41 na hapokelewi. Anapiga tena, hapokelewi. Anampigia wa pili, simu haipatikani. Wa tatu anapokea saa 8:47, anauliza maswali mawili, na onyo linatoka saa 8:50. Dakika kumi zimeliwa na mlango. Baada ya hapo kila kitu ni safi: onyo linakaa peke yake, maswali yanakwenda kwenye kundi la pili, na anayeamka saa 9:20 anakuta ujumbe mitatu yenye mpangilio.

Ikiwa mlinzi huyo huyo angekuwa msimamizi, dakika hizo kumi zisingekuwepo. Hilo ndilo jambo ambalo vikundi vingi hukosea vinapofunga kundi. Usimamizi hugawiwa kwa heshima, kwa mwenyekiti, katibu na mzee anayeheshimika, watu ambao saa nane usiku wamelala. Usimamizi wa kundi la tahadhari ugawiwe kwa saa za kuwa macho na mahali pa kuona: mlinzi wa usiku, muuguzi wa zamu, mwoka mikate anayeamka alfajiri, mtu anayeishi nyumba ya kwanza kando ya mto, na ndipo viongozi wafuate. Mkiandika kwenye karatasi saa 24 za siku na kuweka mbele ya kila saa majina ya wasimamizi ambao kwa kawaida wako macho, saa yoyote yenye jina moja au isiyo na jina ndiyo saa ambayo onyo litachelewa.

Mlango. Ni mwembamba kwa makusudi, kwa hiyo upanuliwe kwa idadi ya wasimamizi, na namba zao zibandikwe ukutani mahali wanapopita watu wote, maana aliyeona hatari anaweza asiwe mwanakundi kabisa.

Kuamsha. Kundi linalotuma ujumbe mara mbili au tatu kwa mwezi halina sababu ya kunyamazishwa, na hapa ndipo mlio maalumu unapofanya kazi, kwa kuwa mwanachama anajua kwamba sauti ile haipigwi bure. Lakini ukimya una mtego wake. Mtu anayesafisha orodha ya soga zake hulipeleka kundi lililokaa kimya kwenye kumbukumbu, na kwa mpangilio wa kawaida soga iliyomo humo hubaki humo na haipigi mlio ujumbe mpya unapoingia. Simu za Android nazo, zikiwa kwenye hali ya kuokoa betri, zinaweza kuchelewesha taarifa za programu isiyofunguliwa kwa muda mrefu. Pasipo jaribio la mara kwa mara, hakuna atakayegundua.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mara moja kwa mwezi, saa iliyotangazwa siku moja kabla, msimamizi anatuma: "HILI NI JARIBIO. Weka alama ya kidole gumba. Hakuna hatari." Baada ya dakika kumi anaubonyeza ujumbe huo kwa muda, anafungua maelezo yake, na anasoma orodha mbili: walioupata na waliousoma. Mtu anayezima tiki za bluu kwenye soga zake binafsi bado anaonekana hapa, kwa sababu kwenye makundi tiki hizo hazizimiki. Wasioonekana kwenye orodha yoyote simu zao hazikuwa hewani, na walioupata bila kuusoma pengine wamenyamazisha. Jaribio la pili lifanyike usiku mapema badala ya mchana, na hapo ndipo orodha ya kweli inapojitokeza.

Uhakika. Njia hii ndiyo bora katika kuzuia uvumi, mradi wasimamizi wasigeuze uthibitisho kuwa kisingizio cha kuchelewa. Kwa maji, moto, nguzo ya umeme iliyoanguka au barabara iliyokatika, msimamizi atume ANGALIZO mara tu anapoambiwa na mtu mmoja anayemjua, kisha athibitishe na kulipandisha kuwa DHARURA. Hasara ya kuamka bure ni usingizi. Kwa onyo linalomhusu mtu, kama vile mgeni anayeshukiwa, kanuni igeuzwe kabisa: hakuna jina, hakuna picha ya uso, hakuna namba ya gari, na hakuna neno "mwizi" mpaka polisi wahusike. Onyo lisilo la kweli kuhusu mto haliumizi mtu. Onyo lisilo la kweli kuhusu mpita njia linaweza kumuua. Kundi lililo wazi haliwezi kuilinda kanuni hii kwa uhakika, na kwa mtaa wenye historia ya watu kujichukulia sheria mikononi, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kulifunga.

Uendeshaji. Kazi inahama kutoka kwenye kufuta ujumbe kwenda kwenye kutunza orodha: kuongeza wapangaji wapya, kuwatoa waliohama, kubadilisha namba. Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024, kwa hiyo ukubwa si kikwazo kwa mtaa wa kawaida.

Njia hii inaufaa mtaa mkubwa, wenye wapangaji wanaohama na ambao wengi wao hawajuani, ilimradi wapatikane wasimamizi wanaofunika saa zote.

Njia ya tatu: mti wa simu

Kasi. Mlinzi anampigia kiongozi wa zamu. Kiongozi anawapigia watu 3, kila mmoja wao anawapigia 3, na hao nao 3. Raundi ya kwanza inafikia kaya 3, ya pili 9, ya tatu 27 na ya nne 81, jumla kaya 120 kwa raundi nne. Tukikadiria dakika tano kwa raundi, pamoja na simu zinazoita bila kupokelewa, mtaa mzima unakuwa umepata habari baada ya dakika ishirini. Hiyo ni polepole kuliko ujumbe, lakini mti una hila ambayo kundi halina: unaweza kupangwa kwa hatari. Raundi tatu za kwanza zina nafasi 39, na kaya zote 30 za bondeni zinaingia humo. Kwa hiyo zitakuwa zimeamshwa ndani ya dakika kumi na tano, kwa sauti ya mtu, huku walio mlimani wakingoja raundi ya nne.

Udhaifu nao uko kwenye hesabu hiyo hiyo. Mmoja wa wale watatu wa kwanza asipopokea simu, anaondoka na kaya yake, 3 zilizo chini yake, 9 za raundi ya tatu na 27 za raundi ya nne, yaani kaya 40, theluthi nzima ya mtaa. Akikosekana mtu wa raundi ya tatu, zinapotea kaya 4. Kwa sababu hiyo kila anayepiga awe na orodha ya watu wake na ya walio chini yao, na kanuni iwe kwamba asiyepokea mara mbili anarukwa, walio chini yake wanapigiwa moja kwa moja, na jina lake linarudishwa juu ili mtu akambishie hodi.

Mlango. Yeyote anayejua namba ya kiongozi wa zamu anaweza kuanzisha. Viongozi wawe wawili kwa kila wiki, kwani mti wenye shina moja hukauka shina hilo likilala.

Kuamsha. Katika kigezo hiki mti wa simu hauna mshindani. Simu inayoita humfikia mwenye simu ndogo ya batani, asiye na bando, na aliyenyamazisha makundi yote. Hata simu iliyowekwa kwenye hali ya kutosumbuliwa inaweza kupenywa, ikiwa kuruhusu wanaorudia kupiga kumewashwa: simu nyingi za Android huruhusu iite pale mtu yule yule anapopiga mara ya pili ndani ya dakika 15, na iPhone ndani ya dakika 3. Ndiyo maana kanuni isemwe wazi kwamba anayepiga apige mara mbili mfululizo kabla ya kumruka mtu. Kitu ambacho mti hauwezi ni kufanya kazi mnara ukizimika. Kwa hali hiyo bondeni pawepo filimbi au kengele, na kila nyumba ijue ina maana gani.

Uhakika. Habari inayopita midomo minne hubadilika. "Ondokeni kwa barabara ya shule" inaweza kufika kwenye raundi ya nne kama "nendeni shuleni". Dawa ni kwamba anayepigiwa arudie ujumbe kabla ya kukata simu, na kwamba maandishi kamili yatumwe kwenye kundi ili simu iseme tu: "Dharura, mafuriko, bondeni ondokeni sasa kwa barabara ya shule, soma kundi."

Uendeshaji. Mti ndio unaochakaa haraka kuliko zote. Mtu akihama au akibadilisha laini, tawi lake limekatika na hakuna dalili itakayoonekana mpaka siku ya hatari. Orodha ikaguliwe kila baada ya miezi mitatu kwa kuupiga mti mzima mara moja, na waliokosekana wabadilishwe siku hiyo hiyo.

Inazifaa sehemu ambazo hatari huja usiku na kwa kasi, zenye wazee wengi au watu wasio na simu janja, na ambako idadi ya walio hatarini zaidi inajulikana kwa majina.

Kulingana na hali yenu

Ikiwa mko kaya zisizozidi arobaini na kundi lenu halina kelele, bakini na kundi moja lililo wazi. Wekeni madaraja mawili, katazeni kujibu onyo kwa maneno, na fanyeni jaribio moja la usiku. Jaribio likionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanachama hawakusoma ndani ya dakika kumi, kundi tayari limenyamazishwa, na kukumbushana kanuni hakutawarudisha.

Ikiwa kundi lenu ni kubwa na linatumika kwa biashara, misiba na siasa, msijaribu kulisafisha. Liacheni liwe la mazungumzo, anzisheni jipya la tahadhari, na mlifunge tangu siku ya kwanza. Ujumbe wa kwanza uwaelekeze wanachama waweke mlio maalumu, wasilipeleke kwenye kumbukumbu, na wahifadhi namba za wasimamizi miongoni mwa zile zinazoruhusiwa kuita hata simu ikiwa kimya. Kabla ya kulifunga, jazeni ile karatasi ya saa 24. Ikiwa kati ya saa 6 na saa 10 usiku hakuna msimamizi aliye macho, liacheni wazi kwa saa hizo mpaka apatikane, kwa kuwa mpangilio huo unabadilishwa kwa kubonyeza mara chache tu.

Ikiwa hatari yenu kubwa ni ile inayokuja polepole, kama ukosefu wa maji, kipindupindu au kufungwa kwa barabara, mti wa simu ni mzigo usiohitajika, na kundi lililofungwa linatosha.

Ikiwa mnafanana na mtaa wa mfano wetu, ambako wachache wako hatarini kuliko wengine, unganisheni njia ya pili na kipande kidogo cha ya tatu. Kundi lililofungwa liwahudumie wote 120, na kaya 30 za bondeni zigawiwe wajumbe 6 wanaoishi nje ya bonde, kila mmoja kaya 5. Msimamizi anayetuma onyo saa 8:42 anawapigia wajumbe hao sita, au mtu aliye karibu naye anampunguzia watatu, na kila mjumbe anapiga simu tano. Mjumbe asiyempata mtu wake baada ya kupiga mara mbili anaandika jina la nyumba kwenye kundi la mazungumzo, na jirani aliye karibu nayo anakwenda kugonga mlango.